Kaye yenye tarehe: namna ya kufikisha lalamiko lako kwa RH na lisikiwe

Mtu anayefanya kazi katika ONG, katika kampuni ya ulinzi, katika hoteli ama katika shule ya binafsi hapa Goma akirudi nyumbani na kusema « shefu wangu ananionea », watu wa nyumbani wanamuelewa mara moja. Wanamuona uso, wanajua tangu lini hapati usingizi. Afisa wa RH hamuelewi. Si kwamba hana roho, ingawa hao pia wapo. Ni kwamba neno « ananionea » halimpatii kitu cha kwenda kutazama. Hajui afungue kabati gani, amuite nani, amuulize nini. Basi anasema « tutaangalia », anamuita shefu, shefu anakana, na mambo yanaisha pale. Wiki inayofuata shefu anajua ni nani aliyemshitaki.

Wengi tumesikia shauri hili: andika kila kitu, weka tarehe. Shauri ni zuri, lakini mara nyingi halielezwi hadi mwisho, na watu wanaandika kaye nzima ambayo haiwasaidii. Kwa hiyo tulipenda kueleza tarehe inafanya kazi gani hasa. Kaye yako peke yake haithibitishi mengi, juu ni wewe mwenyewe uliyeiandika. Nguvu yake ni nyingine: inaonyesha njia ya kufikia karatasi ambazo ziko tayari ndani ya buro ya mwajiri wako, zilizoandikwa na watu wengine, ambao hawakuwa na shida na shefu wako. Karatasi ya mahudhurio, kitabu cha safari za gari, bo ya mafuta, orodha ya misyo, mesaji za kundi la kazi. Zote hizo zimepangwa kwa tarehe. Ukiwa na tarehe na saa, RH anaweza kuzifungua. Bila tarehe, zinabaki kabatini.

Kile kilichotokea wakati wa Ebola

Hapa kwetu tuna mfano mkubwa wa malalamiko yaliyosemwa kwa mdomo na kupotea. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na ukatangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Katika muda ule mashirika yalichukua wafanyakazi wengi haraka haraka: wapishi, wasafishaji, madereva, wahamasishaji. Mwezi wa tisa 2020 waandishi wa The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation walitoa habari ya wanawake 51 wa Beni waliosema kwamba wanaume waliojitambulisha kama wafanyakazi wa mashirika, wengi wao wa OMS, waliwatumia kimwili ama waliwataka kimapenzi kwa ahadi ya kazi.

OMS ikaweka tume huru. Mmoja wa viongozi wake wawili alikuwa mama Julienne Lusenge, ambaye wengi wetu tunamjua kwa kazi ya SOFEPADI; mwingine alikuwa Aïchatou Mindaoudou kutoka Niger. Rapo yao ilitoka tarehe 28 mwezi wa tisa 2021. Ilihesabu watuhumiwa 83, na kati yao 21 ilihakikishwa kwamba walikuwa wameajiriwa na OMS. Ndani ya rapo kuna jambo ambalo halikusemwa sana redioni wakati ule: tume iliona kwamba kulikuwa na mazoea ya kukataa taarifa za unyanyasaji kama hazikuletwa kwa maandishi. Mwanamke anaeleza kwa mdomo, wakubwa wanasema hakuna karatasi, basi hakuna faili.

Tume ililaumu mazoea yale, na ilikuwa na haki. Mtu aliyetendewa unyama hana deni la kuleta kaye iliyopangwa vizuri kabla ya kusikilizwa. Kwa unyanyasaji wa kimwili, jambo la kwanza ni hospitali na usalama, na taarifa ya mdomo inapaswa kutosha ili uchunguzi ufunguliwe. Mtu yeyote akikuambia « rudi ukiwa na maandishi » kwa jambo kama lile, yeye ndiye mwenye kosa. Lakini tunaishi na mashirika kama yalivyo, na kama buro kubwa za Geneva ziliweza kujificha nyuma ya kukosekana kwa karatasi, kampuni ndogo ya hapa Goma itashindwa nini?

Sisi leo tunazungumzia zaidi aina nyingine ya uonevu, ule wa polepole: kunyimwa misyo, kutukanwa, kupewa barua za maelezo peke yako kwa kosa la watu wote, kutishiwa kontra. Huo hauna siku moja kubwa. Una siku ndogo ndogo nyingi, na kila moja ukiitazama peke yake inaonekana kama kitu cha kijinga. Njo maana kaye inahitajika.

Mfano wa msaidizi wa lojistiki

Tuchukue mfano. Tumeuunda kutokana na mambo ya aina moja yanayojulikana katika buro nyingi. Si kisa cha mtu fulani. Dada mmoja ni msaidizi wa lojistiki katika shirika, mmoja kati ya wasaidizi wanne. Kontra yake inaisha tarehe 30 mwezi wa sita 2024. Tangu mwezi wa tatu anaona mambo yamebadilika kati yake na shefu. Kama angeandika vile wengi wanaandika, karatasi yake ingekuwa hivi:

« Shefu ananitesa tangu zamani. Ananichukia bila sababu, labda juu ya kabila langu. Ananinyima misyo na anawapa watu wake. Ananidharau mbele ya watu kila siku. Nimechoka. »

Kila neno linaweza kuwa kweli, na hakuna hata moja linaloweza kupimwa. « Tangu zamani » ni lini? « Kila siku », hata siku ambazo shefu alikuwa konji? « Watu wake » ni nani? Na lile neno la kabila, lililowekwa na « labda » mbele yake, ndilo hatari kuliko yote. Katika mji wetu ukiandika kabila bila neno lililosemwa ama tendo linaloonekana, lalamiko lote linageuka kuwa siasa. RH ataogopa kuligusa, na shefu atapata nafasi ya kusema kwamba ni wewe unayeleta ukabila kazini. Kama tusi la kabila lilisemwa kweli, liandike neno kwa neno, na siku yake na waliosikia. Kama halikusemwa, liache.

Sasa tuone kaye ya dada yule kama ingeandikwa siku kwa siku. Ukurasa wa kwanza:

« Jumanne 5/3/2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, dipo ya Himbi. Shefu aliniomba kusaini bo ya kupokea mazuti litre 200. Tulipima na dereva: litre 160. Niliandika 160 juu ya bo na kusaini. Shefu akasema kwa Kiswahili: ‹ Weye unajifanya polisi hapa? Tutaona kama kontra yako itapita mwezi wa sita. › Walikuwapo: dereva na mlinzi wa zamu. Bo inabaki katika klaseri ya dipo. Jioni saa kumi na moja nilimuandikia shefu imeli kumuuliza ni kiasi gani niweke katika rapo ya wiki. Hajajibu. »

Tazama kile kilichomo. Siku, saa, mahali. Kitu kilichoombwa, na namba zake. Maneno yenyewe, katika lugha iliyosemwa. Waliokuwapo. Karatasi gani inaweza kuthibitisha, na iko wapi. Dada mwenyewe alifanya nini baadaye. Hakuna « alinidharau », hakuna « ni mwizi ». Hajui kama litre 40 ziliibwa. Anajua tu kwamba hazikufika, na hicho ndicho alichoandika. Kama angeandika « mwizi » na baadaye ikaonekana kwamba muuzaji alileta kidogo, lalamiko lake lote lingekufa na huenda angeshitakiwa yeye kwa kumchafulia mtu jina.

Kuhusu lugha, watu wengi wanakosea hapa. Lalamiko kwa RH litaandikwa kwa Kifaransa, basi mtu anaanza kuandika kaye yake pia kwa Kifaransa, na maneno ya shefu yanageuka kuwa sentensi safi ambazo shefu hakusema kamwe. Shahidi akiulizwa kama shefu alisema vile, atajibu hapana, na atakuwa anasema ukweli. Andika neno kama lilivyotoka mdomoni, kwa Kiswahili chetu cha hapa, kwa Kinande, Kihunde, Kinyarwanda ama Lingala. Tafsiri itafuata chini yake, wakati wa kuandika barua.

Ukurasa wa pili:

« Jumatano 20/3/2024. Orodha ya misyo ya Minova imetumwa katika kundi la WhatsApp la lojistiki saa tatu asubuhi. Jina langu halimo. Katika mpango wa Jumatatu 26/2/2024 nilikuwamo. Saa nane mchana nilimuuliza shefu buroni mwake, tukiwa wawili tu. Alijibu: ‹ Misyo ni ya watu wanaosikia. › »

Hapa hakuna shahidi, na dada ameandika wazi kwamba walikuwa wawili. Hiyo inaonekana kama kujidhoofisha, lakini ni kinyume. Mchunguzi anayesoma anaona mtu asiyeongeza mashahidi hewa, basi anamuamini zaidi katika yale mengine. Tena, hata kama maneno ya buroni hayatathibitishwa, orodha mbili za misyo zipo, na zinapingana.

Ukurasa wa tatu ni wa Ijumaa 12/4/2024. Mvua ilinyesha tangu usiku, barabara ya Katoyi ilijaa maji, dada alifika saa mbili na dakika kumi badala ya saa mbili. Saa nne akapewa barua ya kuomba maelezo. Anaandika hivyo, na anaongeza sentensi moja: « Katika karatasi ya mahudhurio ya leo kuna wafanyakazi watatu wa lojistiki waliosaini baada yangu. » Haandiki majina yao. Hawakumkosea kitu, na karatasi inayajua tayari. Yeye anaonyesha tu mahali pa kutazama: barua ngapi za maelezo zilitolewa siku ile, na kwa nani.

Ndani ya miezi mitatu dada atakuwa na kurasa saba ama nane. Si lazima ziwe nyingi. Siku ambayo hakuna kitu kilichotokea, usiandike kitu. Na siku shefu alifanya jambo la haki, kwa mfano alikubali konji yako bila shida, liandike pia. Kaye ambayo ndani yake shefu ni shetani asubuhi hadi jioni inasomwa kama kaye ya chuki.

Kuandika siku ileile, na kuitunza

Mtu wa RH aliyezoea kazi yake anatambua haraka kaye iliyoandikwa usiku mmoja. Bik ni moja, mwandiko ni mmoja, hakuna kosa lililofutwa, na mambo ya miezi mitano iliyopita yana maelezo mengi sawasawa na ya jana. Kumbukumbu ya mtu haifanyi hivyo. Kwa hiyo andika siku ileile ama asubuhi inayofuata. Kama unaandika jambo la zamani, sema hivyo: « Ninaandika leo tarehe 10/4 jambo la mwezi wa pili, siku yenyewe siikumbuki, ilikuwa juma la malipo. » Tarehe ya karibu-karibu iliyokubaliwa waziwazi ni bora kuliko tarehe kamili ya kubuni. Itoshe tarehe moja ionekane ya uongo, labda siku ambayo shefu alikuwa Kinshasa, na zote zitashukiwa.

Tumia kaye iliyoshonwa, si karatasi zinazotoka. Usirukishe kurasa, usichane. Ukikosea, piga mstari mmoja ili neno la chini lisomeke, andika upya pembeni. Kisha piga picha ya ukurasa na uitume kwa imeli yako binafsi ama kwa ndugu unayemuamini. Picha ile inabeba siku iliyotumwa, na siku hiyo huwezi kuibadilisha kesho. Ndiyo inayojibu swali « tunajuaje hukuandika haya jana? »

Tena sisi watu wa Goma tunajua karatasi inaishi namna gani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilipotoka, watu walikimbia na watoto na godoro, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliambiwa iondoke. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, M23 walipoingia mjini, mabuma yalianguka katika kartie, depo na buro ziliporwa. Wengi walipoteza hata kontra zao. Picha iliyo nje ya nyumba na nje ya telefone yako ni ya lazima.

Lakini isiwe ndani ya kompyuta ya kazi wala imeli ya kazi. Siku kontra inaisha, mara nyingi saa ileile, imeli inafungwa, na miaka yako yote inabaki upande wa pili wa mlango. Kwa mesaji za WhatsApp, usikate kipande tu kinachokufurahisha. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, siku, na mesaji za juu na za chini. Usifute mesaji yenyewe. Na angalia kama kundi lenu la kazi limewekewa mesaji zinazojifuta, juu hapo una siku chache tu.

Kuna kosa moja linalowaangusha watu wenye haki, nalo ni hasira ya kukusanya ushahidi. Dada wetu anaweza kushawishika kubeba bo ya mazuti nyumbani, ama kupiga picha za orodha za waliosaidiwa, ama za mishahara ya wenzake. Asifanye hivyo. Karatasi zile ni za shirika, nyingine zina siri za watu walio kambini, na kuzitoa kunampa mwajiri sababu ya kumfukuza kwa kosa kubwa bila kugusa lalamiko lake. Anachohitaji ni namba ya bo, tarehe yake na klaseri iliyomo. Mchunguzi atakwenda kuichukua mwenyewe. Ikiwa imepotea baada ya dada kuitaja kwa maandishi, kupotea kwenyewe kunakuwa swali la shefu. Vilevile kurekodi sauti kwa siri: kanuni za mashirika mengi zinakataza, na mara nyingi mazungumzo yanageuka kuwa juu ya telefone yako badala ya matendo ya shefu.

Na mashahidi: waulize kabla ya kutoa jina katika barua. Dereva ana watoto pia. Katika kaye unaweza kumuandika, juu ni yako. Katika lalamiko unaweza kusema « kulikuwa na watu wawili, majina nitayatoa kwa mchunguzi kwa siri ».

Kutoka kaye hadi barua

Kaye haipelekwi RH nzima. Kinachopelekwa ni barua ya ukurasa mmoja ama mbili, na orodha fupi ya matukio yaliyochaguliwa. Barua inasema kwanza unachoomba. Wengi wanasahau hilo. Wanaeleza mateso kurasa nne na RH hajui kama wanataka uhamisho, uchunguzi, malipo ya siku za mapumziko, ama kuombwa samahani. Dada wetu anaomba mambo mawili: uchunguzi wa namna misyo ziligawanywa tangu tarehe 5/3, na tathmini yake ya mwezi wa sita ifanywe na mtu mwingine.

Kisha anataja kanuni. Karibu kila shirika lina kitabu cha kanuni za ndani ulichosaini siku ya kuanza kazi bila kukisoma. Kitafute. Tukio likiwekwa kando ya kifungu kinachovunjwa, halibaki tena ugomvi wa watu wawili. Sheria ya kazi ya nchi pia inasaidia, ile ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, iliyobadilishwa mwaka 2016. Kifungu cha 73 kinasema mwajiri anatenda kosa kubwa akimfanyia mfanyakazi unyanyasaji wa kijinsia ama wa kimaadili, vitisho ama matusi makali, ama akivumilia wafanyakazi wengine wafanye hivyo. « Kuvumilia » ndilo neno la kukumbuka: ukishafikisha lalamiko lenye tarehe, mwajiri hawezi tena kusema hakujua.

Katika mfano wetu kitu chenye nguvu zaidi si matusi. Ni jedwali dogo ambalo dada alilitengeneza kutokana na orodha zilizotumwa kundini: kuanzia 5/3 hadi mwisho wa mwezi wa tano kulikuwa na misyo tisa za Minova na Beni. Wenzake watatu walikwenda tatu-tatu. Yeye sifuri. Kabla ya siku ile, katika miezi miwili ya kwanza ya mwaka, alikuwa amekwenda mara mbili. Tathmini yake ya mwezi wa kumi na mbili 2023 ilikuwa nzuri. Hakuna barua ya maelezo kabla ya tarehe 5/3, na kuna mbili baada yake. Anayesoma haitaji kuambiwa kwamba dada anachukiwa. Anaona siku ambapo mambo yalipinduka, na anauliza mwenyewe: siku ile kulitokea nini dipo?

Anapeleka barua Jumatatu tarehe 3/6/2024, kwa nakala mbili. Nakala moja inabaki RH. Ya pili RH anaipiga muhuri na kuisaini akiweka tarehe, ile tunaita akize, na inarudi naye nyumbani. Wakikataa kupiga muhuri, anatuma barua ileile kwa imeli siku ileile, akisema « nimeileta leo saa tatu, sekretari ameniambia haruhusiwi kusaini ». Kaye inaendelea. Kila wito, kila mkutano na RH, kila ahadi ya « juma lijalo » inaingia na tarehe yake, juu kuanzia hapo kinachopimwa si shefu tu, ni RH pia.

Dada alikawia kidogo kwa maoni yetu. Kupeleka lalamiko wiki nne kabla ya kontra kuisha kunampa shefu nafasi ya kusema kwamba anatafuta kuongezewa muda. Mwezi wa nne, baada ya barua ya kwanza ya maelezo, ungekuwa wakati mzuri zaidi.

Na ataweza kupata nini? Tusidanganyane. RH anaweza kuthibitisha misyo na mahudhurio, akasema maneno ya buroni hayakuthibitishwa, akampa dada msimamizi mwingine, na jambo la mazuti likapelekwa kwa wakaguzi wa hesabu. Shefu anaweza kubaki kitini. Kontra ya muda maalum inaweza kuisha tarehe yake bila mwajiri kutoa sababu, na hapo ulinzi ni mdogo. Kifungu cha 62, kinachosema kwamba kupeleka lalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kufukuzwa, kinawalinda hasa wenye kontra isiyo na mwisho. Ndiyo maana hesabu pia tarehe za kontra zako zenyewe. Sheria hairuhusu kontra ya muda maalum kurudiwa zaidi ya mara moja, isipokuwa kwa kazi za msimu na kazi fulani zilizoelezwa wazi. Mtu mwenye kontra tano za mfululizo kwa kazi ileile ana swali la kumuuliza avoka.

Kama RH hawajibu

Kwa sheria, hatua inayofuata ni mkaguzi wa kazi, ambaye anajaribu kupatanisha. Tribinali ya kazi haipokei shauri ambalo halikupitia upatanisho huo. Lakini tangu mwanzo wa 2025 huduma za serikali ya Kinshasa hazifanyi kazi hapa Goma kama zamani, mahakimu wengi waliondoka, banki zilifungwa. Kwa mfanyakazi wa Goma, buro ya RH imekuwa karibu mlango wa pekee, pamoja na makao makuu ya shirika lake nje ya nchi, kama yapo. Mashirika makubwa mengi yana anwani ya imeli ya malalamiko isiyopitia kwa shefu wa hapa. Mara nyingi imebandikwa ukutani, karibu na choo ama kwenye lango, na hakuna anayeisoma. Piga picha ya bango lile leo.

Muda hausubiri milango ifunguliwe. Madai yanayotokana na kontra ya kazi yanakufa baada ya miaka mitatu tangu jambo lilipotokea, na madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka mmoja tu, unaohesabiwa kuanzia siku mshahara ulipaswa kulipwa. Mtu ambaye hakulipwa mwezi fulani atafute akize ya barua aliyoandika kuudai. Kama hakuandika, aiandike juma hili, kwa nakala mbili.